Fito ikimfika mtoto kifuani, kitanda hicho kimekwisha

Wazazi wengi humtoa mtoto kwenye kitanda chake cha fito kwa sababu zisizomhusu: mdogo wake yuko njiani, au ametimiza miaka miwili na majirani wanasema sasa ni mkubwa. Sababu ya kweli hupimwa kwa macho. Godoro likiwa limeshushwa hadi ngazi ya chini kabisa, mtoto asimame wima, kisha mzazi atazame ubao wa juu unamfika wapi. Ukimfika shingoni, aendelee kulala humo. Ukiwa umeshuka hadi usawa wa chuchu, au mtoto akifikisha urefu wa sentimita 89, wakati umefika hata kama hajawahi kujaribu kutoka. Aliyekwisha kurusha mguu juu ya ubao hasubiri kipimo chochote. Atajaribu tena, na anayeanguka kutoka pale mara nyingi hutangulia kichwa.

Ambaye hajafika hapo haharakishwi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusu watoto karibu 2,000 wa miezi 18 hadi 36 katika nchi za Magharibi, ulionyesha kuwa waliokuwa bado kwenye vitanda vya fito walikwenda kulala mapema na walilala muda mrefu kuliko wenzao waliohamishiwa kitanda cha kawaida. Haishangazi. Mtoto wa miaka 2 anaelewa ukuta anaoushika kwa mkono, lakini agizo la kutoshuka hadi asubuhi ni ukuta asiouona. Wa miaka 3 huanza kuuona.

Tuseme kuna mvulana wa miaka 2 na miezi 4 huko Tabata, Dar es Salaam. Ana sentimita 90, ubao unamfika chuchuni, na mama yake ana mimba ya miezi 7. Huyu ahamishwe sasa, siyo siku kichanga kinapoletwa nyumbani. Wiki 6 hadi 8 zinamtosha kukizoea kitanda kipya na kusahau kile cha zamani, asije akaona kwamba kitanda chake amepewa mwingine. Angekuwa mfupi zaidi na haparamii, ingefaa aachwe miezi michache baada ya mama kujifungua, na kichanga kilazwe chumbani kwa wazazi kwenye kikapu chake chenye godoro gumu.

Baba amekwenda Keko kwa fundi na kurudi na kitanda cha futi 2 na nusu kwa 6. Fundi ameongeza kizuizi ubavuni, kimepakwa vanishi na kinapendeza. Hapa ndipo futi ya kupimia inapohitajika. Kizuizi kimesimama sentimita 18 juu ya chaga. Godoro lililonunuliwa ni la inchi 6, yaani sentimita 15. Kilichobaki juu ya godoro ni sentimita 3, na mtoto anayejigeuza usingizini atakivuka bila kuamka. Kinatakiwa kibaki walau sentimita 13 juu ya godoro, kwa hiyo kwa godoro hilo kizuizi kiwe na sentimita 28 kutoka kwenye chaga, na 30 ni bora zaidi. Kurudi kwa fundi kuongeza ubao mmoja ni gharama ndogo. Mafundi hawana kosa hapo, maana mara nyingi hawaambiwi unene wa godoro litakalowekwa.

Kuanguka si hatari kubwa kuliko zote. Kunasa ni mbaya zaidi. Nafasi kati ya mbao za kizuizi isizidi sentimita 6: vidole vitatu vya mtu mzima vipite, ngumi isipite. Pili, godoro la sponji lisukumwe kwa nguvu kuelekea upande wa pili, kisha litazamwe upande wa kizuizi. Pakitokea mwanya wa kuingiza kiganja, mwili wa mtoto unaweza kuteleza humo na uso ukabanwa kwenye sponji. Mwanya huo haujazwi kwa mto wala khanga. Linatafutwa godoro linalolingana na kitanda. Upande wa ukutani pia una mtego wake, kwa kuwa kitanda huteleza polepole juu ya vigae mpaka nafasi inafunguka. Ama kiwekwe kizuizi pande zote mbili, ama kitanda kifungwe kisisogee.

Kizuizi kianzie kichwani na kuishia kwenye theluthi ya mwisho, miguuni paachwe wazi. Mtoto aliyezungushiwa kila upande huparamia tena, safari hii kutoka juu zaidi. Vile vizuizi vya kuchomeka chini ya godoro vinavyouzwa madukani havimfai mtoto wa chini ya miaka 2, na kwa mkubwa wake vifungwe kwa mkanda hadi upande wa pili wa kitanda. Chandarua nacho si kizuizi. Kichomekwe vizuri kwa ajili ya mbu, lakini uzito wa mtoto hukichomoa mara moja. Ambaye bado anaanguka anaweza kulala kwenye godoro lililowekwa sakafuni kwa miezi kadhaa bila aibu yoyote.

Kabla ya usiku wa kwanza, mzazi apige magoti katika kila chumba ambacho mtoto anaweza kukifikia. Fito zilikuwa zikimzuia asifike kwenye chupa ya chai ya moto, waya wa chaja, kabati lisilofungwa ukutani na dawa za bibi. Katika nyumba ambazo maji hukatika, kitu cha kwanza kuondolewa ni ndoo ya maji iliyoachwa wazi koridoni. Mtoto mdogo akichungulia na kutumbukia kichwa hawezi kujiinua, na hafanyi kelele. Ndoo zifunikwe kwa mfuniko unaobana au zifungiwe bafuni.

Bibi aliyekuja kusaidia uzazi atashauri, "Mfungieni mlango kwa ufunguo, atalala tu." Hapana, mama, kwa heshima zote. Moto ukitokea, ufunguo utatafutwa gizani. Geti fupi mlangoni, au kengele ndogo juu ya mlango, inatosha kumwamsha mzazi.

Mtoto akishuka, arudishwe kimya kimya. Ashikwe mkono, alazwe, aambiwe sentensi moja ile ile, "Ni usiku, tunalala," chandarua kichomekwe tena, mzazi atoke. Hakuna hadithi wala ukali, na taa haiwashwi. Usiku wa kwanza anaweza kushuka mara 20, wa tatu pengine mara 5. Kinachoharibu ni mara ya 9, pale baba aliyechoka anapomchukua kitandani kwake. Mtoto hajifunzi kwamba haruhusiwi, anajifunza kwamba hukubaliwa baada ya mara 9. Wazazi wapokezane, na waanze siku ambayo kesho yake si ya kazi. Usiku wa 10 ukifika bila nafuu, kitazamwe kwanza kilalio cha mchana: aliyeamka saa 11 jioni hawezi kuwa na usingizi saa 2 usiku.

Kwa waliofikisha miaka 3, kadi moja husaidia. Mtoto anapewa kadi ya kutumia mara moja kwa usiku, kwa maji au kumbatio. Akishaitumia, inakabidhiwa kwa mzazi mpaka kesho. Wa miaka 2 ataila tu.

Familia inayofikiria kununua kitanda cha ghorofa ili wawili walale pamoja ikumbuke kwamba juu hapalali mtoto wa chini ya miaka 6, hata kikiwa na kizuizi kizuri namna gani.