Mchumba Asiyeonekana

Umezuka visiwani utapeli unaojificha nyuma ya uchumba wa mtandaoni. Mgeni humwandikia mwananchi kwa simu, hujitambulisha kuwa mhandisi wa visima vya mafuta baharini au mwanajeshi aliye ng'ambo, na baada ya majuma machache ya maneno matamu hutaja ndoa. Kazi hizo hazikuchaguliwa ovyo: humpa udhuru wa kutoonana na kutoonyesha uso wake.

Kisha huja habari ya kifurushi. Mchumba husema ametuma dhahabu na fedha taslimu. Baada ya siku chache hupiga simu mtu mwingine, akidai ni afisa wa forodha, na kwamba mzigo unadaiwa, tuseme, shilingi 400,000. Zikilipwa, huzuka faini. Ikilipwa faini, huzuka gharama ya hati. Mzigo haufiki, kwa kuwa haukutumwa kamwe.

Dalili iliyo wazi ni kwamba fedha hutakiwa zipelekwe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Ushuru halali huingia serikalini, na stakabadhi hutolewa. Kabla ya kulipa chochote, mwananchi aende mwenyewe forodhani akaulize.

Aliyekwisha kulipa aarifu mara moja kampuni ya simu na polisi, wala asifute ujumbe wowote, kwani huo ndio ushahidi. Nao maafisa wampokee bila kumcheka. Anayechekwa hunyamaza, na tapeli huhamia kwa mwingine.