JIKONI KWETU: Kuisoma Picha ya Sahani



Baba yetu, aliyefanya kazi Maskati miaka mingi, aliamka kutoka maradhini akiwa hana hamu ya chakula. Siku moja mpwa wake alimletea kwa simu picha ya sahani kutoka mgahawa wa huko: wali, na kuku juu yake. Mzee akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hiki ningekila." Jina lilikuwa limemtoka.

Tukakimbilia tulichokizoea. Tulikaanga vitunguu hadi vikawa vyekundu, tukatia bizari nzima na kuku, tukapika wali humo humo. Mzee alionja vijiko viwili, akasema kwa adabu, "Pilau nzuri hii," akasukuma sahani. Hapo tukatambua kwamba tulikuwa tumeiangalia picha bila kuisoma.

Tulipoirudia, tulianza na wali. Rangi yake haikuwa ya hudhurungi, bali nyeupe yenye madoa ya manjano hapa na pale. Wali wenye vitunguu vya kukaanga hauwezi kubaki mweupe. Basi vitunguu vyekundu havikuwamo. Na manjano yangalitiwa majini, punje zote zingalishika rangi moja. Madoa yale ni ya zafarani iliyonyunyizwa juu mwishoni. Hata hivyo punje ziling'aa na hazikuwa na masala yaliyogandia: dalili ya wali uliopikwa kwa supu iliyochujwa.

Kisha kuku. Ngozi yake ilikuwa nzima, kavu, imeiva kwa moto, wala hapakuwa na mchuzi chini yake. Kuku aliyepikwa ndani ya wali hutoka na ngozi laini, iliyoganda punje. Huyu, basi, alimalizikia juu ya wali, si ndani yake. Nyama ilikuwa imejivuta na kuacha ncha za mifupa wazi, kwa kuwa ilipikwa polepole. Kando ya hiliki na mdalasini tuliona kitu cheusi cha mviringo, tukadhani ni kipande cha mkaa.

Bibi jirani yetu, ambaye wazee wake walitoka Hadhramaut, alipoonyeshwa picha alicheka. "Hiyo ni ndimu iliyokaushwa, wanangu. Na chakula ni mandi." Akatueleza kwamba kwao nyama huning'inizwa ndani ya tanuri la shimoni, na chungu cha wali hukaa chini yake kudaka mafuta yanayodondoka.

Sisi shimo hatuna, lakini jiko la mkaa tunalo. Tulimchemsha kuku mmoja kwa hiliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga na ndimu kavu 2 zilizotobolewa, kwa dakika 25, tukamtoa na kumpaka samli yenye manjano kidogo. Supu tuliichuja na kuionja: ilipasa izidi chumvi kidogo kuliko supu ya kunywa, kwa sababu wali huifyonza. Tulipima vikombe 4½ vya supu kwa vikombe 3 vya basmati ulioloweshwa nusu saa. Supu ilipokaribia kukauka, tuliweka wavu juu ya sufuria, kuku juu ya wavu, tukafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko. Chini tulibakiza moto mdogo sana. Ngozi ilipoiva na nyama ya pajani ilipoachia mfupa, tulinyunyiza zafarani iliyoloweshwa kwa maji moto.

Sahani ilifanana na picha. Mzee akala robo, akatua. "Ndicho," alisema, "lakini moshi uko wapi?"

Swali hilo ndilo funzo letu. Picha huonyesha rangi, ukavu, na mahali kila kitu kilipokaa. Kutokana na hayo mtu hukisia njia ya kupika. Chumvi, ukali na moshi havipigwi picha. Hayo hana budi kumuuliza aliyewahi kula, na kumuuliza kabla ya kuwasha moto.

Juma lililofuata tulipika vile vile. Mwishoni tulisimamisha kikombe kidogo cha chuma katikati ya wali, tukatia kaa moja jekundu, tukalidondoshea samli nusu kijiko cha chai na kufunika mara moja. Baada ya dakika 5 tulikitoa. Kikikaa zaidi, wali huwa mchungu. Makaa yawe ya kuni, yaliyokolea hadi juu yakafanya jivu jeupe, kwani kaa lisilokolea hutoa harufu mbaya.

Mfuniko ulipoinuliwa, mzee alikuwa chumbani. Hakungoja kuitwa. Alikuja mwenyewe akishika ukuta, akaketi mkekani, akanawa mikono.