Chumba kidogo ndicho kinachoifaa projekta

Ukiingia Kariakoo kuulizia projekta, utaulizwa kwanza ukubwa wa chumba. Nilipojibu kwamba changu kina mita 3 kwa mita 3.6, muuzaji alinihurumia. "Kaka, hapo chukua televisheni tu. Projekta inataka ukumbi. Ukiing'ang'ania sana, beba hii ya lumeni elfu tisa, utaona picha hata mchana." Nimeyasikia maneno hayo kwa mafundi, kwa marafiki, na kwa shemeji yangu ambaye hajawahi kumiliki projekta. Yanabeba imani mbili: kwamba chumba kidogo hakifai, na kwamba dawa ya picha hafifu ni lumeni nyingi zaidi. Zote mbili ukizipima hazisimami.

Tuanze na lumeni, maana ndizo zinazouza. Lumeni ni kiasi cha mwanga unaotoka kwenye lenzi. Mwanga huo ukiupaka juu ya ukuta mpana unakuwa mwembamba, ukiupaka juu ya eneo dogo unakuwa mzito, sawasawa na siagi kwenye mkate. Kwa hiyo huwezi kusema projekta ina mwanga wa kutosha kabla hujasema picha yake ina upana gani. Majumba ya sinema ya kidijitali yana kiwango chao: eneo jeupe kabisa kwenye skrini lifikie mng'ao wa kandela 48 kwa kila mita ya mraba. Kwa picha yenye upana wa mita 2, ambayo kwa umbo la televisheni za kisasa ina kimo cha mita 1.13 hivi na ukubwa wa inchi 90, hesabu inadai takriban lumeni 340. Mia tatu na arobaini, si elfu tisa.

Mbona basi watu wenye boksi lililoandikwa 9000 wanalalamika kwamba picha imefifia? Kwa sababu tarakimu ile kwa kawaida haikupimwa mbele ya lenzi. Mara nyingi ni mwanga wa taa yenyewe iliyo ndani, kabla haujapita kwenye vioo na vichujio vinavyoumeza sehemu kubwa, na wakati mwingine ni tarakimu ya kupendezesha boksi tu. Kipimo cha kuamini ni kile kinachoitwa lumeni za ANSI, na kwa makadirio unaweza kukifanya mwenyewe. Chumba kikiwa giza, rusha picha nyeupe tupu. Igawe kwa macho katika visanduku 9 vilivyo sawa, kisha weka kipima mwanga katikati ya kila kimoja, uso wake ukiitazama lenzi. Programu ya simu inayosoma luksi inatosha kwa kazi hii, ingawa simu hutofautiana. Tafuta wastani, uzidishe kwa eneo la picha katika mita za mraba.

Ya kwangu, iliyoandikwa elfu tisa, ilinipa wastani wa luksi 128 kwenye picha ya mita 2. Eneo lake ni mita za mraba 2.25, kwa hiyo mwanga halisi ni lumeni 288. Ningeweza kurudi dukani kugomba. Badala yake niliisogeza projekta mbele kwa sentimita 25, picha ikapungua hadi upana wa mita 1.8, na mng'ao ukapanda mpaka kandela 50 hivi. Hicho ni kiwango cha sinema, kwa mashine ambayo ukumbini ingeaibika. Hapo ndipo wema wa chumba kidogo unapoonekana: kinakulazimisha kuwa na picha ndogo kiasi, na picha ndogo kiasi ndiyo ambayo mashine ya bei nafuu inaiweza. Nikikaa mita 2.6 kutoka ukutani, inchi 81 bado zinanijaza macho kuliko televisheni yoyote niliyowahi kuimudu.

Umbali nao hauna muujiza. Kila projekta ina uwiano wake kati ya umbali wa lenzi na upana wa picha. Wa kwangu ni 1.25, yaani upana wa mita 1.8 unataka umbali wa mita 2.25. Ulizia namba hiyo kabla ya kulipa, au omba waiwashe dukani upime kwa futi kamba. Kinachoharibu mambo ni kuiweka mashine pembeni au chini, kisha kuinyoosha picha kwa kitufe cha Keystone. Kitufe hicho hakigeuzi mwanga. Kinaminya picha ndani ya mashine, sehemu ya nukta zinapotea na maandishi yanaingia ukungu. Mimi niliweka rafu ndogo juu, mbele kidogo ya kichwa changu, lenzi ikitazama ukuta kwa unyoofu, matundu ya feni yakiwa wazi pande zote.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kweli linaharibu picha katika chumba kidogo, na ambalo sijamsikia muuzaji yeyote akilitaja: kuta nyeupe.

Projekta haiwezi kurusha weusi. Inaweza tu kuacha kurusha mwanga, au kurusha kidogo. Weusi unaouona kwenye filamu ni ukuta wako usiopata mwanga. Lakini ikija tukio lenye mbingu ang'avu, mwanga unagonga skrini, unarukia kuta za pembeni na dari, halafu unarudi kwenye skrini na kuzifunika sehemu zilizotakiwa kuwa nyeusi. Chumba cha kupanga cha kawaida kina rangi nyeupe au maziwa na dari ya jipsamu iliyo karibu kabisa na ukingo wa juu wa picha. Kumbe aliyesema chumba kidogo hakifai alikuwa ameona kasoro ya kweli, ila akaitafutia chanzo kisicho chake. Na hapo lumeni elfu tisa za kweli zisingemsaidia, kwa kuwa mwanga ukiongezeka mara tatu, unaorudi kutoka ukutani nao unaongezeka mara tatu. Unapata weupe unaoumiza macho na weusi wa majivu.

Jaribio lake ni jepesi. Rusha picha iliyogawanywa, nusu nyeupe na nusu nyeusi. Simama pembeni, ushike kipande cha boksi nusu mita mbele ya lenzi mpaka kizuie nusu nyeupe peke yake. Tazama nusu nyeusi. Ikizama giza ghafla, ujue kiasi kikubwa cha ule ukungu kilikuwa kinatoka kwenye kuta zako.

Mama mwenye nyumba alikuwa ameshanionya nisiguse rangi yake, kwa hiyo nilinunua kaniki. Ndiyo, kaniki ileile ya bibi zetu: nyeusi, haing'ai, nyepesi kuning'iniza. Nilivuta waya wa pazia pande zote mbili za skrini, kaniki zikafunika mita moja na nusu ya kila ukuta kuanzia mbele, na nyingine nikaitandaza darini kwa upana uleule. Hazihitaji kuzunguka chumba kizima, kwa sababu mwanga unaorudi kwa nguvu ni ule wa maeneo yaliyo karibu na picha. Satini usiinunue hata ikiwa nyeusi tii, maana inang'aa. Niliporudia jaribio la boksi, tofauti ilikuwa karibu haionekani. Wale waliowahi kukaa kwenye kibanda umiza watakumbuka jinsi ndani kulivyokuwa giza. Ufukara ule wa madirisha ulikuwa unafanya kazi ya picha bila mtu kukusudia.

Kuhusu mchana, ahadi ya muuzaji ni hewa tupu. Skrini yangu inapata luksi zisizozidi 160 kutoka kwenye mashine. Mwanga wa dirishani ukipenya pazia na kuweka luksi 20 tu juu ya skrini, sehemu nyeupe kabisa inabaki ikizidi nyeusi mara 9. Filamu inageuka kama fulana iliyofuliwa mara nyingi. Kuziba ufa wa pazia kunaleta zaidi kuliko kununua mashine yenye mwanga mara mbili.

Imani ya sabufa ni ndugu ya imani ya lumeni. Watu wanaona picha imekuwa kubwa, basi wanaleta sabufa inayotikisa mtaa, wanaibana kwenye kona, kisha wanashangaa kwamba maneno ya wahusika hayasikiki. Chumba kidogo kinaikuza besi chenyewe. Wimbi la sauti ambalo nusu ya urefu wake inalingana na urefu wa chumba linagonga ukuta, linarudi, na kujipandisha. Katika mita 3.6 hilo hutokea karibu na hezi 48, na katika mita 3 karibu na hezi 57. Sauti hizo zinavimba kwenye kuta na kona, na ya kwanza inakaribia kupotea kabisa katikati ya urefu wa chumba. Mtu aliyeegemea ukuta wa nyuma anasikia mngurumo, na aliyekaa katikati anadai sabufa ni mbovu. Wote wawili wanasema kweli.

Kwa hiyo usikiegemeze kichwa ukutani. Mimi nina mita moja nyuma yangu. Na mahali pa sabufa panatafutwa kinyumenyume: iweke juu ya kiti chako, piga wimbo wenye besi inayotembea juu na chini, halafu tambaa kando ya kuta ukisikiliza. Pale ambapo noti zote zinatoka kwa nguvu inayokaribiana, bila moja kuruka juu, ndipo sabufa itakaa. Jirani yangu alinikuta nikitambaa hivyo na hajaacha kunitania. Kwangu palikuwa chini ya dirisha, si konani, na nikaishusha sauti hadi nusu. Spika mbili za kawaida nilizipandisha juu ya matofali pande mbili za skrini, usawa wa masikio, na maneno yakajitokeza.

Piga kofi moja pia. Ukisikia mlio wa kukatikakatika, vigae na kuta vinarushiana sauti. Zulia na blanketi zito vinaupunguza mlio huo, ila besi havizuii, na kaniki kwa upande wa sauti haina msaada wowote. Spika ziunge kwa waya wa oksi. Blutuuthi mara nyingi huichelewesha sauti kiasi cha midomo kuyatangulia maneno.

Kuna siku moja muuzaji wangu anakuwa na haki. Mechi ya Simba na Yanga ikianza saa 11 jioni, jua likiwa bado dirishani na vijana sita wakitaka mlango ubaki wazi kwa ajili ya joto, kaniki na hesabu zangu hazifui dafu. Siku hiyo naifunga projekta, naenda kwa yule jirani anayenitania. Ana televisheni.