Ankara ya picha: Gawanya kwa 1.16 kabla ya kulipa

Siku hizi chama kikinunua vifaa vya ujenzi, mweka hazina hutumiwa picha ya ankara kwenye WhatsApp na pesa zinatoka siku hiyo hiyo. Shida ni kwamba kubadilisha tarakimu moja kwenye picha ni kazi ya dakika chache tu. Kazi ngumu ni kubadilisha zote zinazoitegemea.

Chukua mfano huu. Mifuko 40 ya saruji kwa Sh750 ni Sh30,000. Mabati 31 kwa Sh1,000 ni Sh31,000. Pamoja ni Sh61,000. Kenya hutoza VAT ya asilimia 16, yaani Sh9,760, kwa hivyo jumla ni Sh70,760.

Mjanja anaongeza "1" mbele na jumla inakuwa Sh170,760. Kwa kuwa anajua utajumlisha, anaongeza "1" pia kwenye Sh61,000. Sasa 161,000 na 9,760 zinaleta 170,760 kamili. Kumbe bado hajafika! Gawanya jumla kwa 1.16 upate bei kabla ya ushuru: inatoka takriban Sh147,207, si Sh161,000. VAT ya Sh161,000 ingekuwa Sh25,760. Mabati na saruji nazo bado ni Sh61,000.

Hesabu ikigoma, kuza picha. Linganisha hiyo "1" na "1" nyingine kwenye karatasi hiyo hiyo, kwa mfano ya tarehe. Je, moja ina kitako chini na nyingine haina? Ni nene au nyeusi zaidi? Imekaa juu kidogo ya wenzake? Angalia pia kama kuna kiraka cheupe nyuma yake.

Lakini usimshtaki mtu kwa sababu ya mstari kupinda. Picha iliyopigwa kwa pembe hupindisha mistari yote pamoja. Cha kutiliwa shaka ni tarakimu moja iliyopinda peke yake. WhatsApp nayo hufifisha picha, kwa hivyo omba faili ya PDF au karatasi yenyewe.

Ankara ya eTIMS ina msimbo wa QR. Ukiuskani, ukurasa wa KRA huonyesha kiasi kilichosajiliwa, hata kama picha imechorwa upya. Hakikisha tu jina la tovuti inayofunguka, kabla ya mkwaju unaofuata, linaishia na .kra.go.ke, maana msimbo wenyewe unaweza kubandikwa mwingine.

Kuna hila moja ambayo hesabu haiwezi kuinasa: kubadilisha nambari ya paybill au akaunti na kuacha bei zote zilivyo. Hapo mpigie muuzaji kwa nambari uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyo kwenye ankara.