Aya Ukutani na Tarjuma Yake



Dada yetu mmoja ametuletea picha ya kibao cha jiwe kilichotundikwa ukutani sebuleni kwake. Kilichongwa Tabaka, huko Kisii, ambako watu wamerithishana kazi ya kuchonga jiwe la sabuni, na mumewe alikiagiza akiwa safarini. Juu yake pana maneno manne ya Kiarabu ambayo wengi wetu tumezoea kuyaona juu ya milango ya nyumba: yale aliyoyatamka Nabii Suleiman, alayhi salaam, alipokiona kiti cha enzi cha Malkia wa Sabaa kimewekwa mbele yake. Dada anataka kuagiza kibao cha pili, chenye maana kwa Kiswahili, kikae chini ya cha kwanza. Akatuomba tumfasirie kutoka kwenye picha.

Hatukufasiri, na tunaeleza sababu, kwani maombi ya namna hii hutufikia mara kwa mara.

Tuliikuza picha tukasoma herufi moja moja. Neno la tatu lilipasa kuwa fadhli, lakini juu ya herufi ya dhadi hapakuwa na nukta. Dhadi isiyo na nukta ni swadi, na neno likawa fasli, yaani utengano, au mlango wa kitabu. Mchongaji hana lawama. Yeye hasomi Kiarabu. Alinakili karatasi aliyopewa. Katika kazi hiyo uso wa jiwe hupakwa rangi, kisha maandishi hukwaruzwa mpaka weupe wa ndani uonekane, na mtu asiyeijua herufi ataidhania nukta kuwa doa la karatasi. Lau tungefasiri kilichoandikwa ukutani, tungelifasiri kosa, na kosa hilo lingechongwa mara ya pili, sasa kwa lugha ambayo kila mgeni anaisoma.

Basi ukuta hutuonyesha tu ni aya ipi, na maneno yenyewe huchukuliwa msahafuni. Tuliyafuata tukayakuta katika Sura an-Naml, sura ya 27, aya ya 40. Hapo jambo la pili likadhihiri: maneno yale manne si aya nzima. Ni kipande cha katikati ya aya ndefu, na mara tu baada yake Nabii Suleiman anaeleza kwamba neema ile ni mtihani kwake, ionekane kama atashukuru au la. Anayekitafsiri kipande peke yake hawezi kujua hayo kwa kuutazama ukuta. (Tunakiri kwamba hata sisi, kwa miaka mingi, tuliyasoma maneno hayo milangoni kama tangazo la mafanikio tu.)

Kisha tukafungua tarjuma. Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa Qurani Takatifu mwaka 1969. Sheikh Ali Muhsin al-Barwani alitoa Tarjuma ya al-Muntakhab mwaka 1995. Zote mbili zimo katika nyumba zetu nyingi, na yeyote aweza kuhakikisha kilichonukuliwa. Tulimwambia dada achague moja, asichanganye. Sheikh al-Barwani, kwa mfano, hulifasiri neno Rabb kwa kusema Mola Mlezi, kwa kuwa asili ya neno hilo imebeba maana ya malezi. Ukiliondoa neno Mlezi ili mstari uenee kwenye jiwe, ile si tarjuma yake tena, na haifai kuandikiwa jina lake.

Tahadhari moja kuhusu namba. Tarjuma zilizochapishwa na Jumuiya ya Ahmadiyya huihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura, hivyo aya ya 40 kwetu huwa ya 41 kwao. Ukifungua kitabu ukaona maneno hayaafikiani na namba, kwanza tazama hesabu inaanzia wapi.

Dada amechagua tarjuma ya Sheikh al-Farsy. Ameinakili neno kwa neno kutoka kitabuni, kwa herufi kubwa zilizopigwa chapa, na chini yake ameandika: Sura an-Naml, 27, sehemu ya aya ya 40, tarjuma ya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy. Neno sehemu tulilisisitiza sisi. Mchongaji anakijua Kiswahili, hivyo safari hii ataweza kujikagua mwenyewe kabla ya kulitia jiwe msasa.

Kibao cha kwanza nacho hakikutupwa. Jiwe la sabuni ni laini, na nukta iliyopungua huongezwa kwa ncha ya keekee bila kugusa herufi nyingine. Ingekuwa nukta imezidi, ingebidi uso wote usuguliwe na kuchongwa upya. Dada ametia alama ya penseli mahali pa nukta, akatutumia picha tena, tukailinganisha na msahafu.