Aliyeandika C Amekosa Nini?

Mwishoni mwa muhula uliopita binti mmoja wa kidato cha pili alinijia na karatasi yake ya mtihani, uso umemsawijika. Sehemu ya kwanza ya karatasi hiyo ilikuwa na maswali 20 ya kuchagua jibu, kila swali alama 1, naye alikuwa ameandikiwa 0. Ninamjua binti huyu, wala si mzembe. Hata hivyo, si tabia yake iliyonifanya niitilie shaka sifuri ile. Ni hesabu. Swali lenye machaguo manne humpa hata anayebahatisha nafasi moja kati ya nne, kwa hiyo aliyefumba macho akachagua ovyo katika maswali 20 angeambulia alama 5 au karibu na hapo. Kukosa yote ishirini kwa kubahatisha ni jambo la nadra sana. Mwalimu akiona sifuri ya namna hiyo, asianze kumtazama mwanafunzi. Aanze kuitazama karatasi.

Nikaitazama. Juu ya maswali palikuwa na agizo: "Andika herufi ya jibu sahihi." Chini ya kila swali machaguo yalikuwa yamepangwa kwa (i), (ii), (iii) na (iv). Binti alitii agizo. Aliombwa herufi, akatoa herufi: A, C, B, D, na kuendelea hadi swali la mwisho. Msahihishaji alikuwa na mwongozo wake wenye (iii) na (i) na (iv), na kila alipokutana na herufi akachora mkasi mwekundu.

Nilipomwendea mwenzangu aliyesahihisha, alinijibu kwa utulivu. "Mwalimu, sikuona (iii) popote pale. Mimi kazi yangu ni kusahihisha, si kukisia. Tena hiyo (i) nayo ni herufi."

Hoja yake ya mwisho ina chembe ya ukweli, nami sitaidharau. Warumi waliandika hesabu zao kwa herufi, hivyo I na V na X ni herufi kweli. Lakini ni herufi zinazofanya kazi ya tarakimu, na X haimo hata katika alfabeti ya Kiswahili tunayowafundisha. (C nayo haimo ikiwa peke yake; tunayo CH tu. Tumeiazima C kwa ajili ya mitihani na imetutumikia vyema.) Mwanafunzi anayeanza Kiswahili akiambiwa "herufi" hafikirii Warumi. Kosa lilikuwa la mtungaji, aliyenakili agizo kutoka karatasi ya zamani yenye A hadi D, kisha akabadili lebo za machaguo bila kubadili agizo.

Je, ilikuwa haki kuzigeuza herufi za binti kuwa namba za Kirumi? Nasema ndiyo, na sababu yangu si huruma. Machaguo yalikuwa manne, yamepangwa kutoka juu kwenda chini, na hapakuwa na njia ya pili ya kuielewa C isipokuwa chaguo la tatu. Anayeisoma C kuwa (iii) hakisii chochote. Nilizigeuza zote, A kuwa (i) hadi D kuwa (iv), bila kuruka hata moja, na zile zilizokosewa zikabaki zimekosewa. Alipata 16. Jumla yake ikapanda kutoka 41 hadi 57.

Lakini upo mtego ambao hakuna msahihishaji awezaye kuutegua, nao nimeukuta katika zoezi la kidato cha kwanza:

Neno "mwanafunzi" lina silabi ngapi?
1. tano
2. nne
3. tatu
4. sita

Jibu ni nne: mwa-na-fu-nzi. Sasa mwanafunzi ameandika "4". Amesema nini? Huenda amesema silabi ni nne, naye amepata. Huenda amechagua chaguo la 4, yaani sita, naye amekosa. Karatasi haikuambii. Hapa ule ugeuzaji niliousifu hauna msaada wowote, kwa sababu alama moja inabeba maana mbili na zote mbili ni halali. Katika somo letu mtego huu umejaa kila mahali. Tunahesabu silabi, tunahesabu mizani na vina, tunahesabu beti, na wanaotumia namba za ngeli huuliza "mti" uko ngeli ya ngapi, jibu likiwa 3. Swali ambalo jibu lake ni idadi halipaswi kamwe kuwa na machaguo yenye lebo za tarakimu. Likishafanywa, dawa ni moja tu: lifutwe, alama itolewe kwa wote au isitolewe kwa yeyote.

Namba ndogo za Kirumi zina balaa lao jingine. Kijistari kimoja cha kalamu huigeuza (i) kuwa (ii), na kingine huifanya (iii). Nimeletewa karatasi iliyokwisha kurudishwa, mwenyewe akiapa kwamba nimeruka jibu lake, na kijistari cha tatu kina wino mweusi kuliko wenzake. Ila nimeona pia mnyofu aliyepoteza alama kwa sababu kalamu yake ilikauka kwenye kijistari hicho hicho. Herufi ndogo nazo zina udhia wake, kwa maana (a) iliyoandikwa haraka hufanana na (d) ambayo mkia wake umekatika, na ukiwa na karatasi mia moja na taa hafifu utafanya nini? A, B, C na D kubwa hazifanani kwa kiasi hicho. Ndiyo sababu yangu ya kuzipendelea, wala si mazoea.

Nakubali mahali pamoja ambapo namba za Kirumi zinastahili kiti chao. Katika swali la kuoanisha, au lile lenye kauli kadhaa ambapo chaguo B husema "(i) na (iii)", tunahitaji seti mbili za lebo zisizogongana. Kauli zichukue Kirumi, machaguo yachukue herufi. Kosa la kawaida hapa ni la mwanafunzi: anaandika "i na iii" badala ya B. Huyo amejibu, ila hakujibu kwa namna aliyoombwa, nami humpa alama mara ya kwanza na kumwonya.

Na lebo hazikai tu kimya karatasini. Katika kura ya maoni ya katiba ya Kenya mwaka 2005, ndiyo ilipewa alama ya ndizi na siyo ikapewa chungwa, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Siyo ilishinda, na chungwa likaendelea kuishi katika jina la chama cha siasa. Ilikuwa lebo ya chaguo tu.

Wewe mwanafunzi, ukikuta agizo linadai herufi na machaguo yana namba, nyosha mkono umwulize msimamizi kabla hujaandika swali la kwanza. Asipojua, andika lebo kama ilivyochapwa, kisha ongeza neno lenyewe mbele yake: "2, nne". Utatumia wino kidogo zaidi, lakini msahihishaji hatakuwa na pa kukimbilia.

Binti amerudishiwa alama zake. Swali la silabi tulilifuta siku ya Ijumaa baada ya ubishi wa karibu saa nzima, na mwongozo mpya wa kusahihishia umebandikwa ukutani katika chumba cha walimu. Mwenzangu bado hanisalimu vizuri.