Rasimu ya Kwanza Isitupwe

Wafasiri wa Kiswahili tumegawanyika makundi mawili, na yote mawili yana makosa. Kundi la kwanza hufasiri neno kwa neno na kukabidhi kazi ikiwa hivyo hivyo, likijitetea kwamba limekuwa aminifu. Kundi la pili husoma Kiingereza mara moja, hufunga karatasi, kisha huandika Kiswahili kinachoteleza. Kundi hili la pili ndilo tunalolisifu. Mimi naliogopa zaidi.

Chukua maelezo ya dawa yanayotoka mjini kwa Kiingereza na kuishia Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje. Rasimu ya kwanza, ya neno kwa neno, itakuwa hivi: "Chukua vidonge viwili mara mbili kwa siku na chakula. Dawa hii inaweza kusababisha kizunguzungu. Kama wewe umeathirika, usiendeshe." Hakuna Mswahili anayesema hivi. Dawa tunaimeza, hatuichukui. Na usiendeshe nini?

Sasa tazama rasimu ya pili ya mtu anayependa kuteleza: "Meza vidonge vinne kwa siku baada ya kula. Dawa hii huleta kizunguzungu, kwa hiyo usiendeshe bodaboda." Ni Kiswahili kizuri, lakini ndani yake mna makosa manne. Vidonge vinne vinaweza kumezwa kwa mkupuo mmoja. "Baada ya kula" inaweza kuwa saa mbili baadaye. "Inaweza" imegeuka "huleta", hivyo mgonjwa mwoga ataiacha dawa. Na mwenye trekta ataona hayamhusu.

Rasimu ninayoitetea ni hii: "Meza vidonge viwili asubuhi na viwili jioni, pamoja na chakula. Dawa hii inaweza kukupa kizunguzungu. Ukisikia kizunguzungu, usiendeshe chombo chochote cha moto." Maneno kadhaa yamebadilika. Kilichobaki ni idadi, wakati, kiwango cha uhakika, na nani anakatazwa nini. Hapo ndipo mpaka ulipo: umbo la sentensi libadilike kadiri lugha inavyodai, lakini hayo manne yasiguswe.

Hata hivyo, "asubuhi na jioni" haimo katika Kiingereza. Nimeiongeza mimi, na sina haki ya kuiongeza bila kumuuliza mfamasia. Nimejuaje kwamba nimeongeza? Kwa sababu rasimu ya kwanza iko kando yangu na inasema "mara mbili kwa siku". Aliyeruka moja kwa moja hadi rasimu ya pili hana cha kumshtua. Ataongeza na kupunguza bila kujua.

Kwa hiyo chora safu tatu: rasimu ya kwanza, rasimu ya pili, na sababu ya kila tofauti. "Kiswahili husema meza" ni sababu. "Inasikika vizuri" si sababu. "Watu wa vijijini hawataelewa" ni dharau tu.

Wapo watakaoniuliza kuhusu fasihi. Mwaka 1969 ilitoka tafsiri ya Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, ikiitwa Mabepari wa Venisi. Jina la asili linataja mfanyabiashara mmoja. Mmoja akawa wengi, na biashara ikawa ubepari, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Ni jina zuri, nami nisingependa lifutwe. Lakini tuliite kwa jina lake: ni hoja ya mfasiri, na inaonekana kuwa hoja kwa sababu yeyote anaweza kuiweka kando ya jina la asili akapima umbali. Mgonjwa wa Itumba hana cha kuweka kando.

Tena kwake safari haiishii kwenye Kiswahili. Katika nyumba nyingi za Ileje, mjukuu atamsomea bibi yake karatasi ile kwa Kindali, akifasiri papo hapo. Huyo ndiye mfasiri wa mwisho, na hana Kiingereza cha kurejea. Ukimpa "vinne kwa siku", atasema vinne kwa siku.

Kabla ya kuichapisha karatasi hiyo, fanya mambo mawili. Mpe rasimu ya pili mtu ambaye hajaona Kiingereza, airudishe kwa Kiingereza, kisha ulinganishe. Halafu msomee mkazi wa Itumba. Usimuulize kama ameelewa, maana kwa heshima atakuitikia ndiyo. Muulize: "Mama, jioni utameza vingapi? Na usiposikia kizunguzungu, utaendesha?" Akijibu vinne, usimlaumu yeye wala Kindali chake. Rudi kwenye safu zako tatu, utafute neno ulilolipendezesha.